Alama moja, jamii tatu: mwongozo wa kuipa kampeni ya afya utambulisho unaoaminika

Wanaoanza kazi ya kampeni za afya huuliza maswali yaleyale. Tuanze na nembo au tuanze na ujumbe? Kila jamii iwe na nembo yake? Nembo za wafadhili tuziweke wapi? Na lile linalokuja baadaye, wakati bajeti imeshakwisha: mbona mabango yapo kila kona na watu hawaji?

Nitayajibu kwa kufuata kampeni moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna wilaya kando ya ziwa ambako kipindupindu hurudi kila mvua zikinyesha. Mnafungua vituo vidogo vya kunywesha ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini, karibu na watu, ili anayeanza kuharisha anywe mapema, na aliyezidiwa apelekwe haraka kwenye kituo cha matibabu. Watu mnaotaka kuwafikia wako wa aina tatu. Kuna kambi za wavuvi ambao huhama na samaki. Kuna mtaa wa mjini wenye nyumba zilizobanana. Na kuna jamii ya waumini wanaoishi pamoja, ambao kwa miaka mingi hawajawa na uhusiano mzuri na vituo vya serikali. Wilaya hii nimeitunga, lakini mitego iliyomo ni ya kweli, na hutokea katika chanjo, vyandarua au uzazi wa mpango vilevile.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tendo moja. Andika kwa sentensi moja unataka mtu afanye nini. Kwetu ni hili: mara tu kuharisha kunapoanza, aanze kunywa ORS na aende kwenye kituo kilicho karibu.
- Huduma iliyo tayari. Pakiti ziwe stoo, maji salama yawepo, wahudumu wawe wamefundishwa. Kama havipo, simamisha kazi ya nembo hadi vipatikane.
- Mtu mmoja mwenye neno la mwisho kuhusu matumizi ya alama. Kamati iwepo kwa ushauri, lakini idhini itoke kwa mtu mmoja.
- Watu wawili au watatu kutoka kila jamii watakaokaa mezani tangu siku ya kwanza, kabla hakijachorwa chochote.
- Picha za alama zilizopo. Zunguka na simu upige picha za kila bango, ukuta uliopakwa rangi, fulana na bendera. Utazihitaji katika hatua ya 4.
- Fungu la kupima rasimu. Litenge mapema, kwa sababu ndilo la kwanza kukatwa muda unapobana.

## Hatua ya 1: Andika ahadi

Kabla ya mchoraji kushika kalamu, andika mtu akikuta alama yenu atapata nini. Ahadi iwe kitu anachoweza kukihakikisha mwenyewe akiwa amesimama pale pale.

Rasimu ya kwanza huwa hivi: "Pamoja tunalinda afya ya jamii." Hakuna anayeweza kusema ahadi hiyo imetimizwa au imevunjwa, kwa hiyo haijengi imani yoyote. Yetu tuliandika hivi: *Penye alama hii kuna ORS, kuna maji salama ya kuichanganyia, kuna mtu anayejua kuichanganya, na hulipi.* Mambo manne. Mgonjwa akifika akakuta yote manne, safari ijayo atakuja bila kushawishiwa na atamwambia jirani. Akikosa hata moja, alama imeanza kusema uongo.

Kazi yote iliyobaki inasimama juu ya sentensi hii. Ikikushinda kuiandika, tatizo lako liko kwenye huduma, na mchoraji hatakusaidia.

## Hatua ya 2: Tenganisha yasiyobadilika na yanayobadilika

Hapa ndipo kampeni za jamii nyingi hufa kwa njia mbili zinazopingana. Wengine hulazimisha bango moja, maneno yaleyale na uso uleule kila mahali, kisha jamii mbili kati ya tatu huona ni kampeni ya wengine. Wengine huacha kila eneo lijitengenezee lake, na mvuvi akihamia kambi nyingine anakuta rangi nyingine na jina jingine, asijue kwamba ni huduma ileile.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande wa yasiyobadilika weka vichache: jina, alama, rangi mbili, ile ahadi, na maelekezo ya kuchanganya. Katika mfano wetu maelekezo ni haya: pakiti moja nzima ndani ya lita moja ya maji salama, na yakibaki baada ya saa 24 yamwagwe. Hayo hayaguswi na mtu, kwa sababu ORS iliyokolea mno ina chumvi ya kumdhuru mtoto, na iliyozimuliwa mno haifanyi kazi inavyotakiwa.

(Soma pakiti zenyewe kabla ya kuandika "lita moja". Zipo zinazotengenezwa kwa ujazo mdogo zaidi. Misri katika miaka ya 1980 iliamua kwa makusudi kutumia pakiti ndogo za mililita 200. Kama stoo yako ina aina mbili, chagua moja kwa kampeni nzima, maana hakuna nembo itakayowaokoa watu waliofundishwa kipimo cha pakiti nyingine.)

Upande wa yanayobadilika weka lugha, salamu, msemaji, mahali, saa, na sababu inayotolewa. Sababu ndiyo yenye utajiri. Kwa wavuvi tuligundua kikwazo ni umbali: mtu husubiri boti ya asubuhi, na kipindupindu kikali kinaweza kuua ndani ya saa chache. Kwao ujumbe ni "Anza kunywa kambini, endelea kunywa ndani ya boti." Mtaani kikwazo ni aibu ya kuonekana na ugonjwa unaohusishwa na uchafu, kwa hiyo ujumbe ni "Kuharisha humpata yeyote, fika mapema." Kwa jamii ya waumini kikwazo ni swali la nani ameileta dawa hii na anataka nini. Kwao hatukubuni maneno. Tuliwaalika wazee wao waone pakiti ikifunguliwa, wasome kilichoandikwa nyuma yake (chumvi, glukosi na vitu viwili vingine), waionje, kisha waeleze wenyewe kwa maneno yao.

Tazama kwamba sababu ni tatu, lakini tendo ni moja na alama ni moja.

## Hatua ya 3: Chagua jina

Jina liwe fupi, litamkike katika lugha zote za eneo, na lisiwe la kumtia mtu aibu.

Tulianza na majina matatu. "Tokomeza Kipindupindu" lilitoka mapema: anayeingia chini ya kibao chenye jina hilo ametangaziwa ugonjwa mbele ya mtaa mzima. "Lita Moja" lilitupendeza sana kwa kuwa limebeba kipimo ndani yake, lakini tulipolipima, baadhi ya akina mama walilielewa kwamba mtoto anatakiwa amalize lita nzima kwa mkupuo. Jina linaloweza kumfanya mama amlazimishe mtoto kunywa hivyo haliwezi kubaki, hata kama wote ofisini wamelipenda. Tukabaki na "Rudisha Maji". Linasema kinachofanyika mwilini, halitaji ugonjwa, na mtu anaweza kulitamka barabarani bila kuona haya.

Onyo: usitafsiri jina kwa kila lugha. Jina lisikike lilelile kila mahali. Kinachotafsiriwa ni maelezo yanayolifuata.

## Hatua ya 4: Chora alama, chagua rangi

Mpe mchoraji ahadi ya hatua ya 1 na picha ulizopiga, na mwombe rasimu tatu zinazotofautiana kweli. Rasimu tatu za wazo moja hazikusaidii.

Alama ichoreke kwa kijiti ardhini. Hicho ndicho kipimo changu, na kina sababu: mhudumu wa jamii aliye mbali ataipaka ukutani kwa brashi, na nakala yako nzuri ya kompyuta haitafika huko. Iprinti kwa upana wa sentimita 2 uone kama bado inasomeka. Itoe fotokopi nyeusi na nyeupe, kisha fotokopi ya hiyo fotokopi. Ibandike ukutani, rudi nyuma hatua 30. Ikipotea katika lolote kati ya haya, punguza mistari.

Kwenye rangi, toa picha zako uanze kufuta. Futa rangi za vyama vya siasa, za timu za mpira, za kampuni za simu, na za makundi ya dini yaliyopo. Usitegemee tofauti ya nyekundu na kijani kubeba maana, kwa sababu kuna watu wasiozitofautisha, hasa wanaume. Kwetu baada ya kufuta zilibaki rangi ya machungwa na bluu iliyokoza.

Onyo kubwa: usitumie msalaba mwekundu wala hilali nyekundu, hata kidogo, hata kwa rangi iliyofifia. Alama hizo zinalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na sheria za nchi nyingi, na huokoa watu vitani kwa sababu tu hazitumiwi ovyo. Nembo ya Shirika la Afya Duniani nayo haiwekwi bila idhini yao ya maandishi.

## Hatua ya 5: Pima kabla ya kuchapa

Peleka rasimu kwa watu kumi hivi katika kila jamii, mmoja mmoja, na uongeze kikundi kimoja cha watu sita hadi wanane kwa ajili ya mjadala. Mmoja mmoja ni lazima, kwa sababu kikundini wa kwanza kuzungumza huwaambukiza wengine jibu lake.

Usiulize "Mnaipenda?" Watakujibu ndiyo kwa adabu tu. Funika maandishi yote, onyesha alama peke yake, na uulize kwa mpangilio huu:

1. Unaona nini hapa?
2. Ukikuta hii imebandikwa mlangoni, utadhani ndani kuna nini?
3. Ni watu gani wanaoambiwa?
4. Unadhani nani ameiweka?
5. Kuna jirani yako ambaye hii ingemkera? Kwa nini?

Swali la tano liweke mwishoni na liwe juu ya jirani. Mtu atakuambia yaliyo moyoni mwake bila kujitaja.

Rasimu zetu zilijibiwa hivi. Tone la bluu: watu mtaani walidhani ni mradi wa kuvuta maji, wakauliza bomba litafika lini. Kama tungeichapa hiyo, tungekuwa tumeahidi bomba. Rasimu ya pili ilikuwa kiganja kilichonyooshwa chini ya kikombe. Kambini waliona mtu anaomba. Ya tatu, mkono unaopeleka kikombe kwenye mdomo wa mtoto, ilieleweka kote kuwa ni kunywesha. Hata hiyo ilileta swali: wanaume wa kambini, ambako watoto ni wachache, walidhani ni huduma ya watoto tu. Tulibadilisha kichwa cha mtoto kikawa kichwa kisicho na umri, tukapima tena. Pima tena kila unapobadilisha. Marekebisho ya dakika ya mwisho ndiyo huleta makosa yanayochapwa.

Kwa maandishi ya lugha nyingine, mpe mtu mmoja atafsiri na mwingine, ambaye hajaona ya kwanza, arudishe kwa lugha uliyoanzia. Linganisha hasa namba na neno "kuharisha". Katika lugha nyingi kuna neno la hospitali lisilotumika nyumbani na neno la nyumbani lisilotamkwa hadharani, na wenyeji tu ndio watakaokupa la katikati.

## Hatua ya 6: Ipe alama sauti

Wapo wasiosoma, wapo wasioona, na wapo walio ndani wakati gari la matangazo linapita. Kampeni inayotambulika kwa macho tu inawaacha hao wote.

Tengeneza mlio mfupi wa sekunde tatu au nne na sentensi moja ya kufungulia ambayo hurudiwa bila kubadilishwa redioni, kwenye kipaza sauti na kwenye jumbe za sauti za simu. Yetu: mlio wa kijiko kikikoroga kikombe, kisha "Rudisha Maji. Anza sasa." Baada ya hapo kila jamii huendelea kwa lugha yake na msemaji wake.

Msemaji asichaguliwe kwa umaarufu peke yake. Katika matangazo ya televisheni ya Misri ya miaka hiyo ya 1980 aliyewafundisha akina mama ORS alikuwa mwigizaji Karima Mokhtar, ambaye watazamaji walikuwa wamemzoea katika nafasi za mama. Uso wake ulikuwa umeshabeba maana inayotakiwa kabla hajafungua kinywa. Jiulize vivyo hivyo kwa kila jamii: nani huulizwa mtoto akiugua usiku? Kambini alikuwa mwanamke mmoja mkongwe aliyeuza maji. Mwenyekiti wa kambi, ambaye ndiye tungemchukua kwa haraka, hakuna aliyemtaja.

Onyo: usitumie picha za wagonjwa halisi. Anayetokea bangoni atakumbukwa kama "yule wa kipindupindu" miaka mingi baada ya bango kung'olewa, hata kama alisaini fomu ya kukubali.

## Hatua ya 7: Amua nani aonekane kuwa mwenye kampeni

Kila mshirika atataka nembo yake iwepo. Bango lenye nembo saba chini halina mwenyewe, na anayelisoma anajiuliza hao wote wanatafuta nini kwangu.

Jibu la nani aonekane linatofautiana kwa jamii, nawe unalo tayari kutoka swali la nne la hatua ya 5. Mtaani nembo ya serikali iliongeza imani. Kwa jamii ya waumini iliipunguza. Hatukuificha, kwa sababu kumficha mwenye kampeni kukigundulika kunaharibu kila kitu. Tuliweka mstari mmoja wa maandishi madogo, uleule kwenye kila kifaa, unaotaja idara ya afya na washirika kwa majina bila nembo. Nembo za wafadhili zikaenda kwenye ripoti, kwenye magari na kwenye karatasi za ofisini. Kubalianeni hili kwa maandishi kabla ya fedha kuingia. Baadaye ni vigumu.

Usidhani suala la "nani ameileta" ni dogo. Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio kwa sababu ya uvumi kwamba ilitiwa dawa ya kufunga uzazi. Jimbo la Kano lilirudi kwenye chanjo katikati ya 2004, baada ya kukubaliana kutumia chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Ugonjwa ulikuwa uleule na matone yalikuwa ya kazi ileile. Kilichobadilika ni aliyesimama nyuma yake. Na katika ile miezi ya kusimama, virusi vilisambaa hadi nchi nyingine.

## Hatua ya 8: Weka alama penye huduma, na iondoke huduma ikikosekana

Tenganisha vifaa viwili. Bango linaelekeza na laweza kuwa popote. Kibao cha kituo kinathibitisha, na kiwe mahali penye mambo yote manne ya ahadi tu.

Kibao chetu kilikuwa cha kugeuzwa, kinaning'inia kwa ndoano mbili. Upande mmoja alama na jina. Upande wa pili maandishi "Leo hatuna" na kituo kingine kilicho karibu, kikiwa kimeandikwa kwa chaki. Kila asubuhi mhudumu huhesabu pakiti, hutazama ndoo ya maji, kisha huamua upande. Viongozi wengine waliona aibu ya upande wa pili. Lakini aliyesoma "Leo hatuna" ameokoa safari na amejua mnasema kweli. Aliyefika na mgonjwa akakuta alama inang'aa na stoo tupu atawaeleza watu wengi kuliko redio yenu.

Kosa la kawaida: kugawa fulana na kofia zenye alama kwa kila aliyehudhuria uzinduzi. Wiki mbili baadaye alama hiyo inaonekana kilabuni, kwenye ugomvi na kwenye mikutano ya kisiasa. Fulana ivaliwe na mhudumu aliyefundishwa akiwa kazini, ihesabiwe, irudishwe.

Weka kanuni zote za matumizi kwenye karatasi moja, upande mmoja. Kijitabu cha kurasa 40 hakuna atakayekisoma.

## Hatua ya 9: Pima kama inatambulika na kuaminika

Baada ya wiki sita hivi, uliza watu 30 katika kila jamii. Mwonyeshe mtu kadi mbili, moja baada ya nyingine: alama yenu, na alama ya bandia ambayo hamjawahi kuitumia popote, yenye ukubwa na rangi zinazokaribiana. Uliza kila moja kama amewahi kuiona. Wengine husema ndiyo kwa kila kadi, na hapo ndipo bandia inapokusaidia. Tuseme kambini 24 kati ya 30 wanasema wameiona yenu, na 4 wanasema wameiona ya bandia. Hiyo ni nzuri. Mtaani nako ni 24, lakini waliosema wameiona ya bandia ni 15. Mtaa huo haujaitambua alama yenu kama ripoti itakavyodai.

Kisha: "Ukiikuta mlangoni, utapata nini ndani?" Hesabu wanaotaja angalau mambo mawili ya ahadi. Na mwishoni, mpe pakiti, chupa ya lita moja na jagi lisilo na alama ya kipimo, umwombe achanganye. Akichukua jagi na kukadiria, alama imemfikia na kipimo hakijamfikia.

Kipimo hiki cha mikono nimekipenda tangu niliposoma kazi ya shirika la maendeleo la BRAC nchini Bangladesh, ambako katika miaka ya 1980 wafanyakazi walipita nyumba kwa nyumba kuwafundisha mamilioni ya akina mama kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Malipo yao yalitegemea akina mama walikumbuka nini wakaguzi walipokuja baadaye. Ukilipa kwa idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa, vitagawiwa.

## Mambo yakienda kombo

Alama inajulikana lakini watu hawaji. Angalia jibu la "utapata nini ndani". Wakitaja mambo sahihi na bado hawaji, kikwazo ni njia, saa za kufungua au gharama ya usafiri. Usiongeze mabango. Wakitaja mambo yasiyo sahihi, rudi hatua ya 5.

Jamii moja inasema "hiyo ni ya wale". Pita uhesabu vifaa vyote vilivyopo: nyuso, lugha na mahali. Mara nyingi utakuta kundi moja limebeba karibu kila picha bila mtu kukusudia. Sawazisha nyuso na wahudumu kwanza. Alama yenyewe iache.

Uvumi umeanza, na unataja jina la kampeni. Usichapishe bango la kuukanusha, maana utaupeleka kwa ambao hawajausikia. Mtafute aliyeusikia kwanza, jua hofu iliyo ndani yake, kisha msemaji wa jamii hiyohiyo aijibu hofu hiyo ana kwa ana. Kama kuna ukweli ndani yake, kwa mfano pakiti zilizopita muda zilitolewa kweli, ziondoe na mseme hivyo chini ya alama yenu siku hiyohiyo.

Kuna mtu anauza pakiti zenye alama yenu. Ahadi inasema hulipi, kwa hiyo tangazeni kwa sauti ileile ya hatua ya 6: "Rudisha Maji haiuzwi." Bandikeni maneno hayo kwenye kila kibao, na mtoe taarifa kwa mamlaka ya dawa.

Mwanasiasa ameomba kusimama mbele ya alama. Mwonyeshe ile karatasi ya kanuni, iliyosainiwa kabla yeye hajafika. Anaweza kutembelea kituo kama raia yeyote. Jina na picha yake visikae kwenye kifaa chochote chenye alama.

Kila mshirika mpya anataka kuongeza ujumbe wake. Kunawa mikono, vyoo, lishe, yote yana haki yake. Ruhusu ujumbe unaoongoza kwenye tendo la kampeni tu. Mengine yatumie wahudumu walewale katika ziara nyingine, bila alama.

Mlipuko umekwisha na vituo vinafungwa. Ng'oeni vibao vyote ndani ya wiki moja, kwa orodha, mkitia saini kwa kila kimoja. Kuta zilizopakwa zipakwe chokaa. Vibao vikasafishwe na kutunzwa stoo na ndoano zake, pamoja na mafaili ya alama na mlio, na karatasi yenye jina la aliyevipokea. Mvua zijazo mtavihitaji, na kituo kitakachofunguliwa siku hiyo kitaanza na watu wanaojua tayari kilichomo ndani.